Simu ya laini mbili: WhatsApp inafuata laini ipi, na nitahamishaje akaunti kwenda namba yangu nyingine bila kupoteza kundi?

KatibuMpunguzi

Habari za jioni wana jukwaa. Mbukwenyi kwa wenyeji wa Dodoma.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu huku Mpunguzi. Shughuli zetu zote, kuanzia zamu za kupulizia dawa mpaka taarifa za bei ya mnunuzi, hupitia kundi la WhatsApp lenye watu 87 ambalo nililianzisha mwenyewe na ambalo mimi peke yangu ndiye msimamizi wake. Simu yangu ni ya Android yenye nafasi mbili za laini. Laini ya kwanza, ambayo namba yake inaishia 41, ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yangu wakati ambapo mimi nilikuwa bado sijapata namba ya NIDA. Laini ya pili, inayoishia 78, imesajiliwa kwa jina langu na kwa alama zangu za vidole, na ndiyo ninayotumia kupokea na kutuma fedha.

Tatizo ni kwamba WhatsApp imekaa kwenye 41. Kaka yangu anaishi Mwanza, na ameniambia kwa upole kwamba angependa laini yake irudi mikononi mwake, jambo ambalo ni haki yake. Mimi pia nina hofu kwamba simu hii ikiibiwa sitaweza kuirudisha laini ya 41 bila yeye kusafiri au kwenda dukani kuweka kidole chake.

Nimejaribu mambo mawili. Kwanza niliingia kwenye mipangilio ya simu nikachagua laini ya pili kwa ajili ya intaneti, kupiga na kutuma ujumbe. Pili, nilizima simu nikabadilishana laini, yaani ya kwanza nikaiweka nafasi ya pili na ya pili nikaiweka nafasi ya kwanza. Nilipofungua WhatsApp, namba ilikuwa ileile ya 41. Naomba kufahamishwa: programu hii inasoma laini ipi, na nitaihamishaje kwenda 78 kundi likiwa salama? Mavuno ya Agosti na Septemba yanakaribia na sitaki watu wapotezane wakati huo.

KijanaWaNzuguni

Pole dada yangu. Jibu ni rahisi. WhatsApp husoma laini iliyoko nafasi ya kwanza siku unapoifungua kwa mara ya kwanza. Wewe umebadilishana laini lakini hukuifuta programu, kwa hiyo bado inakumbuka ile ya zamani. Acha 78 ikae nafasi ya kwanza, ifute WhatsApp, ipakue upya, nayo itasoma 78. Mimi nilifanya hivyo mwaka jana na ikakubali bila shida yoyote.

FundiMajengo

Dada Katibu, nakuomba usiifute programu hiyo kabla hujasoma maelezo haya mpaka mwisho. Ninatengeneza simu karibu na soko la Majengo, na karibu kila wiki hunijia mtu aliyefuata ushauri kama huu, akiwa ameshapoteza mazungumzo yake.

Kijana wetu amesema kweli kwamba ukiifuta na kuipakua upya utaweza kusajili 78. Sababu aliyoitoa ndiyo isiyo sahihi, na matokeo yake kwako yatakuwa tofauti na yake. WhatsApp haifuati nafasi ya laini. Inafuata namba uliyoiandika kwa vidole vyako siku ya usajili na kuithibitisha kwa tarakimu sita zilizotumwa kwenye namba hiyo. Laini yenyewe hailazimiki hata kuwa ndani ya simu ile. Unaweza kuwa na 78 kwenye kitochi cha mama mkwe wako, ukaandika 78 kwenye simu yako kubwa, naye akakusomea tarakimu zilizoingia kwake, na WhatsApp ikafunguka. Baada ya hapo programu haina haja na laini hiyo. Itafanya kazi kwa bando la laini nyingine au kwa waifai ya ofisini, hata kama laini iliyosajiliwa imetolewa na kuwekwa kabatini. Ndiyo maana ulipobadilishana laini na ulipochagua laini ya intaneti hakuna kilichobadilika.

Imani ya nafasi ya kwanza nadhani imetokana na jambo moja la kweli. Wakati wa usajili, Android inaweza kuipendekeza namba inayoiona ndani ya simu, na WhatsApp ina njia ya kuthibitisha kwa kujipigia simu inayokatika yenyewe, ambayo programu huitambua kwenye orodha ya simu zilizoingia. Njia hiyo inahitaji laini iwe ndani ya simu hiyohiyo, lakini nafasi ya kwanza au ya pili zote zinakubalika.

Sasa, ukiifuta programu na kusajili 78 kama mtu mpya, utapata akaunti tupu. Akaunti ya 41 haitakuwa imehamia popote. Itabaki ndani ya kundi la zabibu kama mwanachama na msimamizi, huku wewe ukiwa nje ukigonga mlango ambao mwenye ufunguo wake ni wewe mwenyewe wa zamani. Nakala ya mazungumzo iliyohifadhiwa kwenye Google nayo haitafunguka, kwa kuwa nakala hiyo hufungamana na namba ya simu pamoja na akaunti ya Google iliyotumika kuihifadhi. Kijana hakuumia pengine kwa sababu hakuwa na kundi la kulisimamia wala mazungumzo aliyoyahitaji.

Njia unayoihitaji imo ndani ya programu:

```
Settings > Account > Change number
```

Kwenye baadhi ya matoleo imeandikwa `Change phone number`, lakini ni kitu kilekile. Nitaeleza hatua zake usiku huu nikifunga kibanda.

MzeeWaMakole

Wanangu, hamjambo. Mbona mnamzungusha huyu binti? Tangu Machi 2017 nchi hii inaruhusu mtu kuhama mtandao na kubaki na namba yake. Aende kwenye duka la mtandao anaoutaka, aweke kidole, ahamishwe. Mimi nimehama na namba yangu ni ileile ya tangu zamani, na WhatsApp haikusumbua hata dakika moja.

BintiWaKisasa

Shikamoo mzee wangu. Hilo ulilolifanya ni kuhama mtandao huku namba ikibaki ileile, na ndiyo sababu WhatsApp haikutikisika, kwa kuwa yenyewe inajua namba tu na haijali mtandao gani unaihudumia. Dada Katibu anabaki kwenye mitandao yake na anataka kutoka namba moja kwenda namba nyingine. Zaidi ya hayo, kuhama mtandao kungehitaji kidole cha mwenye laini, ambaye ni kaka yake aliyeko Mwanza.

Mimi nina pendekezo tofauti. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp ya Android inaruhusu akaunti mbili ndani ya programu moja. Unaingia kwenye mipangilio, unagusa mshale ulio kando ya jina lako, kisha `Add account`, unaandika namba ya pili, na tarakimu za uthibitisho zinaingia kwenye laini yako ya pili. Dada Katibu anaweza kuwa na 41 na 78 kwa pamoja, akawa anabadilisha tu. Mimi naitumia hivyo, namba moja ya kazi na nyingine ya nyumbani, na siihamishi yoyote.

KatibuMpunguzi

Asante sana mdogo wangu, sikulijua hilo. Lakini je, kundi litafuata?

BintiWaKisasa

Hapana dada, kila akaunti hubaki na makundi yake. Ungeweza kuiongeza 78 kwenye kundi kama mwanachama mpya na kumpa usimamizi, kisha 41 ikajitoa. Kundi lingesalimika kwa njia hiyo. Mazungumzo ya mtu mmoja mmoja yangebaki upande wa 41, na kaka yako akiichukua laini na kuisajili WhatsApp kwenye simu yake, upande huo utakatika kwako. Kwa hiyo ninakubali kwamba kwa hali yako pendekezo langu halitoshi.

MwalimuKondoa

Nimesoma uzi huu kwa uchungu kidogo, kwa sababu yangu yalikwisha vibaya. Niliibiwa simu stendi, na laini iliyokuwa na WhatsApp ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mwenzangu tuliyekuwa tukipanga naye nyumba, ambaye alishahama na hatuwasiliani. Dukani waliniambia wazi kwamba hawawezi kunirudishia laini bila kidole chake. Nilinunua laini mpya kwa jina langu na kusajili WhatsApp upya. Kundi la wazazi wa darasa langu lilikuwa na msimamizi mwingine, naye aliniingiza kwa namba mpya, lakini namba yangu ya zamani iliendelea kuonekana humo kama mwanachama mpaka alipoiondoa kwa mkono wake. Mazungumzo ya miaka minne, pamoja na picha za madaftari ambazo wazazi walinitumia, sikuyapata tena, ingawa nakala ilikuwepo kwenye Google, kwa kuwa sikuwa na njia ya kuthibitisha namba ile.

Dada Katibu, maadamu laini ya 41 ingali mkononi mwako na simu yako ni nzima, fanya jambo hili mapema. Na wote mnaosoma, pigeni `*106#` mwone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu. Namba yako ya WhatsApp isipokuwa kwenye orodha hiyo, basi mlango wa akaunti yako unalindwa na mtu mwingine.

FundiMajengo

Mwalimu, pole sana. Uliyoyasema ndiyo hasa ninayoyaona kibandani.

Dada Katibu, sasa tufanye kazi. Nitaandika kwa simu yako ilivyo: Android, laini zote mbili ndani, WhatsApp ikiwa kwenye 41, na simu haibadilishwi.

Anza kwa kuhakikisha kwamba WhatsApp kweli imesajiliwa kwa 41. Fungua mipangilio, gusa jina lako, na usome namba iliyoandikwa hapo. Usibahatishe hatua hii, maana kuna watu waliokuwa na uhakika kabisa na namba yao, tukaangalia tukakuta ni ya laini iliyokufa siku nyingi.

Kisha ijaribu 78 yenyewe. Tumia simu ya jirani kuipigia na kuitumia ujumbe mfupi, uone kwamba inapokea vyote viwili. Watu wengi wana laini ya pili ambayo huitumia kutuma fedha tu na hawajui kwamba haipokei ujumbe, au kwamba simu imeizima kwenye mipangilio ya laini. Kama una `Two-step verification`, ile PIN ya tarakimu sita uliyoiweka mwenyewe ndani ya WhatsApp, hakikisha unaikumbuka. Mtu asiyeikumbuka na ambaye hakuweka barua pepe anaweza kulazimika kusubiri siku 7.

Hifadhi nakala kabla ya kuanza:

```
Settings > Chats > Chat backup > Back up
```

Uhamisho wenyewe hauhitaji nakala hiyo, kwa sababu mazungumzo hubaki ndani ya simu hiyohiyo na kinachobadilika ni namba tu. Hata hivyo simu inaweza kuzimika katikati ya kazi, na bado 41 iko mkononi mwako kuifungua nakala hiyo.

Sasa ingia `Change number`. Utaona maelezo, bonyeza `Next`, na utapata nafasi mbili za kuandika. Ya juu ni ya namba ya zamani, ya chini ni ya namba mpya. Hapa watu huchanganya kwa sababu wanafikiri wanaulizwa laini ya kwanza na ya pili. Juu iandike 41, chini 78, zote kwa +255 na bila ile sifuri ya mwanzo. Halafu utaulizwa kama unataka watu wako wajulishwe. Kuna `All contacts`, kuna `Contacts I have chats with`, na kuna `Custom` ya kuchagua mmoja mmoja. Chaguo lolote utakalolichukua, makundi uliyomo yataonyeshwa kwamba umebadili namba, kwa hiyo hilo la kundi usiliwazie.

Ukibonyeza `Done`, tarakimu sita zitatumwa kwenye 78. Ukiziandika, akaunti ya 41 inafutwa na kila kitu kinakuwa cha 78: makundi, usimamizi wako, mipangilio yako. Mara baada ya hapo hifadhi nakala nyingine, maana ile ya mwanzo ilifungwa kwa 41 na siku utakapokuwa huna 41 haitakusaidia.

Jambo la mwisho, kuna kitufe cha `Delete account` kwenye ukurasa huohuo wa `Account`. Hicho usikiguse hata kwa kujaribu. Kinakutoa kwenye makundi yote na kufuta historia.

KijanaWaNzuguni

Nakubali kusahihishwa, fundi. Kweli mimi sikuwa na makundi wakati ule. Naomba kuuliza kwa ajili ya rafiki yangu: jana alifuta programu na kuweka namba mpya kwa ushauri wangu, na laini ya zamani bado anayo. Afanyeje?

FundiMajengo

Aifute tena, aipakue, na safari hii asajili kwa namba ya zamani, akitumia akaunti ileile ya Google iliyokuwa kwenye simu. Akiulizwa kama anataka kurejesha nakala akubali, asibonyeze kuruka, kwa kuwa nafasi hiyo hutolewa wakati wa usajili. Atapata mazungumzo mpaka siku ya nakala yake ya mwisho. Baada ya hapo anitafute kabla hajafanya kingine.

KatibuMpunguzi

Kaka Fundi, nimefuata kila hatua leo asubuhi na nimekwama. Nilikuwa shambani. Nimehakikisha namba, nimehifadhi nakala, nimeandika 41 juu na 78 chini, nimechagua wale ninaozungumza nao, nikabonyeza. Tarakimu hazikuja. Nilibonyeza zitumwe tena mara tatu, na sasa programu inanionyesha muda wa kusubiri ambao umekuwa mrefu kuliko wa kwanza. Baadaye nilichagua nipigiwe simu, nikasubiri, wakati huohuo mwanachama mmoja akanipigia kwa 41 kuhusu pampu ya dawa, nikazungumza naye kama dakika nne. Simu ya WhatsApp haikuingia kabisa. Je, nimeharibu? Ninaogopa kundi limekwisha kufutwa.

FundiMajengo

Hujaharibu. Akaunti ya zamani haifutwi kwa kubonyeza, inafutwa namba mpya inapothibitishwa. Mwombe mwanachama yeyote aliye karibu nawe afungue kundi, utaona 41 ingali humo.

Nijibu mambo mawili. Kwanza, ulipokuwa shambani, alama ya mtandao ya 78 ilikuwaje juu ya kioo? Najua wewe ulikuwa na intaneti, lakini intaneti hiyo ilikuwa ya laini gani? Pili, fanya jaribio hili: ongea na mtu kwa 41, na mtu mwingine aipigie 78 wakati huohuo.

KatibuMpunguzi

Intaneti ilikuwa ya 41. Mtandao wa 78 huku shambani huja na kupotea, nyumbani ndipo unaposhika vizuri, na sikufikiri kwamba ungehusika kwa kuwa intaneti ilikuwepo. Jaribio nimelifanya na binti yangu. Nilipokuwa naongea kwa 41, alipoipigia 78 aliambiwa kwamba namba haipatikani.

FundiMajengo

Basi umejijibu mwenyewe kwa vitendo. Simu nyingi za laini mbili zina redio moja inayohudumia laini zote kwa zamu. Zikiwa zimetulia, zote mbili zinapatikana. Ukianza kuongea kwa laini moja, nyingine hukatika mpaka umalize. Kwa hiyo WhatsApp ilipopiga 78, wewe ulikuwa unazungumzia pampu kwa 41, na mtandao ukawaambia kwamba haupatikani. Ujumbe mfupi nao ulikuwa na tatizo jingine: intaneti ya 41 iliweza kupeleka ombi, lakini jibu lilitakiwa kuingia kwa mawimbi ya 78, ambayo hayakuwepo. Vitu hivi viwili hupita njia tofauti, na ndivyo vinavyowachanganya wengi.

Usibonyeze tena sasa. Kila ombi jipya huongeza muda wa kusubiri. Acha muda uishe wenyewe, nenda mahali 78 inaposhika, usipokee simu yoyote kwa 41, na uombe mara moja tu.

MzeeWaMakole

Binti, samahani kwa kukuelekeza kusiko. Ila nikuulize na mimi, fundi. Mimi nina WhatsApp ya kawaida kwenye namba moja na ile ya biashara kwenye namba ya pili, zote ndani ya simu moja. Nikitaka ile ya kawaida ihamie kwenye namba ya pili, itakuwaje?

FundiMajengo

Shikamoo mzee. Namba moja haikai kwenye WhatsApp ya kawaida na ya biashara kwa pamoja. Ukiisajili upande mmoja, upande wa pili unatolewa. Kwa hiyo kwako kuna mazungumzo ya wateja yaliyoko kwenye namba ya pili ambayo yangeguswa, na shauri lako si la kujibiwa kwa mstari mmoja. Usibonyeze chochote. Pita kibandani na simu yako tuihifadhi kwanza.

KatibuMpunguzi

Wapendwa, ninaandika kutoka mjini. Nilikuja na gari la asubuhi, nikakaa kwenye baraza la shangazi yangu Area C ambako 78 inashika kikamilifu. Nilisubiri mpaka muda ukaisha, nikaomba tarakimu mara moja. Ujumbe uliingia kabla sijaweka simu chini, nao ulikuwa na alama ndogo ya 2 pembeni, kuonyesha kwamba umepitia laini ya pili. Nikaandika tarakimu, programu ikafikiri kidogo, kisha mazungumzo yote yakawa mbele yangu kama yalivyokuwa. Nilipogusa jina langu niliiona 78. Kundi lote la watu 87 lipo, usimamizi ninao, na katikati ya mazungumzo ya kundi kuna mstari mdogo unaoeleza kwamba nimebadili namba. Nimehifadhi nakala mpya kabla ya kuandika hapa.

Sijui niwashukuruje. Kwa siku tatu sikuwa nalala vizuri kwa sababu ya jambo hili.

MwalimuKondoa

Nimefurahi kweli, dada. Usisahau kwamba uhamisho huu ni wa WhatsApp peke yake. Kama benki inakutumia taarifa kwa 41, au kama 41 ndiyo namba ya kurejeshea akaunti yako ya Google, huko kote unatakiwa kubadilisha wewe mwenyewe kabla kaka hajaichukua laini.

MhazinaWaVikoba

Hongera dada Katibu. Naomba niseme kwa upande wa fedha, kwa sababu mimi hutunza michango ya kikundi chetu huku Kikuyu. Tulishapata ujumbe uliosema, "hii ndiyo namba yangu mpya, michango itumwe huku," kumbe aliyeandika hakuwa mwenzetu. Tangu siku hiyo nimejifunza kutofautisha vitu viwili. Mstari anaousema dada Katibu huwekwa na programu yenyewe katikati ya kundi, na hutokea tu mwenye akaunti anapoihamisha kutoka ndani. Ujumbe wa kawaida kutoka namba ngeni hauna uzito huo hata ukiwa na picha ya mwenzenu. Hata nikiuona mstari huo, bado humpigia mtu nikaisikia sauti yake kabla ya kutuma shilingi, kwa kuwa aliyeiba simu iliyo wazi naye anaweza kuhamisha akaunti.

BintiWaKisasa

Mimi ningechagua kuwajulisha wote, `All contacts`, ili hata wale ambao hajazungumza nao wasiandike kwenye namba ya zamani.

MhazinaWaVikoba

Mimi nisingechagua hivyo. Kwenye orodha ya simu yangu kuna wateja wa zamani, madalali na watu niliowahifadhi siku moja tu. Sina sababu ya kuwapa namba iliyosajiliwa kwa jina langu na yenye fedha zangu. Dada amefanya vema kuchagua wale anaozungumza nao.

KatibuMpunguzi

Nimerudi baada ya siku tisa, kwa sababu kumetokea jambo ambalo sikulitarajia. Nilimtumia kaka laini ya 41 kwa basi. Aliiweka kwenye simu yake na kusajili WhatsApp, ikafunguka tupu kabisa, bila kundi lolote, kama Fundi alivyosema. Lakini wakulima ambao bado wamehifadhi 41 kwenye simu zao kwa jina la "Katibu Zabibu" wanamwona kaka yangu kwa jina hilo. Watatu wamemwandikia kuuliza bei, na mmoja aliuliza atume wapi mchango wa dawa. Kaka ni mwaminifu, alinipigia hapohapo. Nimewaomba wanachama wote katika kundi waifute 41 na kuhifadhi 78, na nimempigia simu mmoja mmoja kati ya wale wazee ambao hawafungui kundi mara kwa mara. Mpaka leo nimewafikia 61.

FundiMajengo

Hilo ni kweli na nilipaswa kulitaja. Jina linaloonekana kwenye simu ya mtu hutoka kwenye kitabu chake cha majina, na WhatsApp haiwezi kukibadilisha kwa niaba yake. Mwombe kaka aweke picha yake ya uso na aandike jina lake na Mwanza kwenye maelezo ya wasifu, ili anayeingia kwa makosa aone kwamba amekosea. Kama asingekuwa na haraka, ningemshauri akae na laini bila kuisajili WhatsApp kwa muda.

MhazinaWaVikoba

Muda gani, fundi? Mwezi mmoja, au mpaka mavuno yaishe?

KatibuMpunguzi

Kaka amekubali kuweka picha yake leo. Kuhusu kuifunga WhatsApp hiyo mpaka mavuno yaishe, tutazungumza naye Jumapili, maana yeye naye ameshaanza kuitumia na wateja wake wa samaki.